Orodha za Mama Kadi

Jina la Mama Kadi alipewa na wazazi wa darasa la tatu, maana kila walipompitia mchana walimkuta ameinamia mkasi. Maboksi ya viatu, maboksi ya sabuni, kalenda za mwaka uliopita, mpaka kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu yake, vyote alivikata vikawa silabi. Mumewe alikuwa akisema kwamba siku hizi haachi barua yoyote mezani, atakuja kuikuta imekuwa *nya, nye, nyi*.

Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na miaka yote hiyo alifundisha tahajia kama alivyofundishwa yeye: maneno ubaoni, kila neno mara ishirini daftarini. Siku moja akasimama nyuma ya mtoto mmoja akatazama anavyonakili. Yule mtoto hakuwa akiandika neno *nyumba* hata kidogo. Alishusha *nyu* moja chini ya nyingine mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akapanda juu akaanza kushusha *mba*. Amemaliza kabla ya wenzake, anachezea kifuniko cha kalamu. Mama Kadi akamuuliza ameandika neno gani, mtoto akainama kulitazama kwanza ndipo akajibu. Siku hiyo mwalimu alirudi nyumbani ana hasira na nafsi yake, akaapa hatanakilisha tena.

Akakaa likizo nzima kupanga orodha. Maneno kumi kwa wiki, yote ya sauti moja. Wiki ya *ny*: nyasi, nyota, nyuki, manyoya. Wiki ya *ng'*: ng'ombe, ng'oa, king'ora, kung'uta. Wiki ya *mw*, wiki ya *dh*, wiki ya *gh*, hivyo hivyo mpaka muhula uishe. Jumatatu hakuna penseli. Watoto wanasikiliza tu, wanasema, wanatazamana midomo na kucheka. Jumanne wanaunga kadi za silabi chini sakafuni. Jumatano wanawinda maneno ya sauti ile katika kitabu cha kusoma, na anayepata neno ambalo halimo kwenye orodha anapigiwa makofi. Alhamisi wanalitazama neno, wanalifunika kwa kiganja, wanaliandika kwa kumbukumbu, wanafunua, wanajisahihisha wenyewe, halafu wanalitungia sentensi. Ijumaa ni imla.

Mwalimu mkuu hakuvutiwa. Alikuwa mtu wa daftari lililojaa. Akifungua akakuta kurasa nyeupe, roho yake haitulii. Lakini si mtu mbaya, tuseme haki. Alimwambia atampa muhula mmoja tu, ule wa mwisho wa mwaka, na mtihani wa kupanda darasa ndio utakaoamua. Darasa la tatu la jirani litaendelea kunakili. Wakishindwa watoto wake, maboksi yale yatoke darasani. Mama Kadi akakubali bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo alipopaswa kufikiri mara tatu.

Katika watoto wake arobaini na wawili alikuwamo msichana mmoja aliyeitwa Pengo, kwa ajili ya meno mawili ya mbele ambayo yaling'oka pamoja na yakachelewa kuota. Pengo aliingia shule mapema, kwa hiyo hata baada ya kurudia darasa la pili alikuwa na miaka minane kama wenzake. Alilelewa na bibi yake, mama mzaa mama, mwanamke mwenye magoti mabovu na maneno machache. Shangazi yake mtu wa mbali alikuwa amejifungua pacha na alitaka msichana wa kumshikia watoto, na mjomba wa Pengo aliona hilo ni jambo la maana kuliko kumrudisha mtoto darasa moja kila mwaka. Bibi alikataa. Walivutana wiki mbili ndani ya nyumba, mpaka wakaafikiana hivi: akipanda darasa la nne, anabaki. Akianguka, anakwenda.

Bibi alimfuata Mama Kadi mwenyewe, akamweleza yote kwenye benchi la nje ya ofisi. Kisha akamuuliza kama mtoto ana kichwa au hana, aambiwe ukweli, yeye si mtu wa kudanganywa.

Sasa usimlaumu sana Mama Kadi. Wiki hiyo Pengo, ambaye mwanzoni hakuweza hata *mwiko*, alikuwa amepata kumi juu ya kumi. Wiki ya kabla yake, kumi. Wiki ya kabla ya hiyo, tisa. Mtoto alikuwa anakuja asubuhi mbio, anamwaga kadi sakafuni kabla ya kengele. Mwalimu yeyote angevimba kichwa.

"Bibi, lala usingizi," akamwambia. "Huyu atapita."

Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake akichechemea.

Asubuhi ya mtihani kuta zilivuliwa kila kitu, ndivyo ilivyo sheria. Orodha zote zikabanduliwa, na ile kadi kubwa ya juu ya ubao, iliyobadilishwa kila Jumatatu na kuandikwa WIKI YA NY au WIKI YA DH, ikatiwa kabatini. Naibu wa mwalimu mkuu akasimama mlangoni kuangalia. Mama Kadi akafungua bahasha, akasoma neno la kwanza: *ngazi*. La pili: *dhahabu*. La tatu: *kung'uta*.

Alikuwa anataka kusoma la nne alipoona vichwa. Watoto hawakuwa wakitazama karatasi. Mmoja mmoja walikuwa wanainua macho juu ya ubao, pale mahali peupe pasipo na kadi, wanatazama, wanashusha, wanatazama tena. Pengo akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "leo ni wiki ya sauti gani?"

Naibu akacheka kidogo. Mama Kadi hakucheka. Aligeuka akapatazama pale mahali peupe. Muhula mzima, kila Ijumaa, alikuwa akiwafanyia imla chini ya kadi inayowaambia sauti. Maneno kumi, yote ya *ng'*. Mtoto angekosaje? Hakuwa na haja ya kusikiliza kama ni *ng* au *ng'*, kama ni *z* au *dh*. Jibu lilikuwa limening'inia ukutani kwa herufi kubwa. Hata sentensi za Alhamisi zilikuwa za sauti ya wiki ile tu. Hakuwahi kuchanganya. Hakuwahi, hata mara moja, kuweka *ngoma* na *ng'ombe* kwenye sakafu moja na kuwaambia watoto watenganishe. Hakurudia maneno ya wiki ya pili wiki ya tano. Alikuwa amewafundisha kuchagua huku yeye mwenyewe akiwachagulia, na zile kumi juu ya kumi alizokuwa akizifurahia zilikuwa zake yeye, si zao.

Akamgeukia Pengo. "Sikiliza neno," akamwambia, "andika unavyosikia." Hicho tu ndicho alichoruhusiwa kusema.

Pengo aliandika *ng'azi*. Aliandika *zahabu*. Neno la kumi na mbili lilikuwa *mwiko*, akaandika *muiko*, akafuta, akaandika tena *muiko*.

Matokeo yalikuja siku nne baadaye. Darasa la jirani, wale wa kunakili, waliwashinda, na sababu haikuwa siri: mwalimu wao aliokota maneno kitabuni jinsi yalivyokuja, ya kila sauti, kila siku, kwa hiyo mtihani haukuwashangaza. Watoto saba wa Mama Kadi hawakupanda. Pengo alikosa kwa alama tatu.

Mama Kadi akaenda ofisini, akasema kila kitu bila kujitetea. Akaeleza kosa liko wapi na linavyorekebishwa: Ijumaa iwe nusu maneno mapya na nusu ya wiki zilizopita, yamechanganywa, kadi ya ukutani imetolewa, na katikati ya wiki sauti mbili zinazofanana zipambanishwe. Akaomba wale saba wapewe imla nyingine baada ya wiki mbili. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwa upole kwamba alama zimekwisha kupelekwa, na kwamba kama kila mwalimu ataomba mtihani urudiwe kwa kuwa yeye amekosea kufundisha, mwaka hautaisha. Kisha akamkumbusha habari ya maboksi. Mama Kadi akayatoa siku hiyo hiyo, akayabeba mwenyewe, machozi yanamtoka njiani na hana mkono wa kuyafuta.

Angeweza kuishia hapo. Mumewe alimsihi aishie hapo. Lakini siku ya tatu ya likizo akafunga kadi zake kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwa bibi yake Pengo. Shangazi alikuwa anakuja kumchukua mtoto Jumapili ya wiki iliyofuata. Mama Kadi akaomba hizo siku zilizobaki, saa moja kila asubuhi. Hakuahidi kitu safari hii. Bibi akasogeza kiti kivulini.

Siku ya kwanza akamwaga *ng* na *ng'* pamoja kwenye mkeka. Pengo akababaika, akatafuta macho ya mwalimu, mwalimu akatazama pembeni kwa makusudi. Mtoto akalitamka neno kwa sauti, akalirudia taratibu, akaweka kidole juu ya pua kuhisi sauti inavyotetema, kama walivyofanya zile Jumatatu, akaipeleka kadi kushoto. Sawa. Siku ya tatu wakaongeza *z* na *dh*, siku ya tano *mu* na *mw*. Siku ya nane, Jumamosi, Mama Kadi akamsomea maneno ishirini ya kila sauti, yamevurugwa, bila kichwa cha habari wala dalili. Pengo aliyaandika akiwa amelala kifudifudi, ulimi umetokeza mahali pa meno. Alipata kumi na tisa. Lile moja alilokosa alilisahihisha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mama Kadi akaikimbiza ile karatasi kwa mwalimu mkuu, nyumbani kwake. Mkuu akaisoma amesimama mlangoni, akasema ni kazi nzuri, akamrudishia. Mjomba naye akaonyeshwa. Akauliza kama ina muhuri wa shule, na haikuwa nao.

Mama Kadi akarudi kwa bibi jioni. Ndani, Pengo alikuwa anakunja nguo zake, anaimba *ngoma, ng'ombe, ngazi, ng'oa*, anajichekesha mwenyewe. Mama Kadi akampa bibi karatasi, akamweleza alama zile zote nyekundu ni za pata, si za kosa. Bibi akaipapasa kwa kidole gumba kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa anaweza."

"Alikuwa anaweza, bibi. Mimi ndiye niliyekosea."

Bibi akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani. Wimbo wa ndani ulikuwa unaendelea.

"Nilikuwa nimeshajiambia hana kichwa, nikatulia," akasema. "Heri usingeniambia, mwanangu."