Saa Moja ya Nestori

Theopista Kashinje alianza kazi ya karani wa mahudhurio katika kiwanda kimoja cha mbao, Kashaulili, Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1996. Kabla yake kulikuwa na karani aliyefukuzwa kwa kufutafuta karatasi za saa. Kwa hiyo Theopista, mama wa watoto watatu, alijifunza kutofuta.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Jumatatu hadi Ijumaa mtu anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi jioni: saa tisa. Chakula cha mchana, saa sita hadi saba, hakilipwi. Ondoa moja, zinabaki nane. Jumamosi kazi inaisha saa sita, hakuna chakula, hakuna cha kuondoa: saa tano. Jumla arobaini na tano. Aliyepungukiwa wiki tatu mfululizo aliachishwa kazi.

Jumamosi moja ya Agosti, Nestori wa jenereta alifika dirishani. Kwa wiki mbili zilizotangulia malaria ilimpunguzia saa. Sasa karatasi ya wiki ya tatu ilisomeka arobaini na nne, na Theopista alikuwa ameshaisaini.

"Dada, Alhamisi nilichelewa, kweli. Niliingia saa mbili. Lakini mchana sikutoka."

"Kila mtu hutoka, Nestori."

"Ugali nimeula nimesimama, mkono mmoja kwenye mashine. Msimamizi ndiye aliniambia nifidie."

Saa mbili hadi saa kumi ni saa nane. Theopista alikuwa ameondoa moja, kama alivyoondoa kwa wote, bila kuuliza.

Cletus, msimamizi, alikuwa mlangoni akisubiri karatasi za saa ampelekee meneja. Meneja alikuwa ameshawasha gari.

"Mama, acha kutuchelewesha. Chakula ni chakula. Au na wewe unataka kumfuata yule karani aliyefukuzwa?"

"Ulimwambia afidie, kaka Cletus?"

"Nasema mengi mimi. Hata mke wangu hanisikilizi, itakuwa huyu?"

Hakuna aliyecheka. Theopista aliomba daftari la jenereta, ambamo kipimo cha mafuta huandikwa kila nusu saa. Alhamisi: saa sita, sita na nusu, saba. Mwandiko wote wa Nestori. Chini ya ukurasa, saini ya Cletus.

Honi ililia nje.

Theopista alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya saba ya Alhamisi kwenye karatasi ya saa ili isomeke bado, akaandika nane pembeni. Jumla, arobaini na tano. Akatia saini upya na tarehe.

"Hiyo karatasi ilishasainiwa," Cletus alisema.

"Ndiyo. Na mimi mwenyewe. Peleka na daftari."

Jumatatu Nestori aliingia saa moja kasoro dakika kumi. Theopista alipewa barua ya onyo kwa kubadili karatasi iliyosainiwa. Aliiweka kwenye droo, na tangu siku hiyo hupita kwenye jenereta kila saa sita na nusu mchana, kalamu mkononi, kabla ya kwenda kula.