Moyo Ulisema Amepumzika

Wakimbiaji wake walimwita Grafu, na wala hakuchukia. Kocha mwenye kitambi na goti bovu angeweza kubandikwa jina baya zaidi. Kila alfajiri, hata kabla ya kupiga mswaki, alishafungua simu kusoma mapigo ya moyo ya vijana wake, waliojipima kwa mikanda ya kifuani wakiwa bado wamelala chali. "Siku moja uamke uniangalie na mimi," mkewe alimtania, "tena usoni, bila simu."

Mapenzi yake kwa namba yalianzia kwenye uchungu. Enzi zake za kukimbia alikuwa na kocha ambaye kila aliyelalamika kwake alikuwa mvivu, na ndivyo goti lile lilivyoharibika. Namba, alijiambia, hazina hasira wala upendeleo. Na tumpe haki yake: aliwafundisha vizuri. Moyo uliopumzika, aliwaambia, haupigi kwa nafasi zilizo sawasawa. Muda kati ya pigo na pigo hurefuka kidogo, hufupika kidogo. Uchovu, homa, pombe au usingizi wa mang'amung'amu huipunguza tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo namba yetu. Namba ya asubuhi moja isikutie kiwewe. Ipime kwa wastani wako wa wiki, si kwa namba ya mwenzako. Ikishuka siku kadhaa mfululizo, tupunguze mazoezi. Msimu uliopita alimzuia kijana mmoja asikimbie kwa sababu namba zilikuwa zimeporomoka, na kesho yake kijana akawa hoi kwa mafua makali. Tangu hapo Grafu hakushikika.

Tegemeo lake lilikuwa binti mmoja mwembamba waliyemwita Sindano, msema machache. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umekaribia, na kila mtu uwanjani alijua nafasi moja ilikuwa yake iwapo tu angefika mstarini akiwa mzima.

Asubuhi ya mazoezi ya kasi alimfuata kocha pembeni. "Kocha, leo mguu hauko sawa. Hapa kwenye muundi, padogo tu kama ncha ya kidole. Panauma hata nikitembea."

Angeinama apaguse. Hakuinama, alitoa simu. Namba ya Sindano ilikuwa juu kuliko siku zote, na moyo wake ulikuwa umepiga taratibu mno. Kocha akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi, akaiinua simu wakimbiaji wote waione.

"Haya tazameni! Huyu amepumzika kuliko nyinyi nyote. Sasa Sindano, nani mwongo, wewe au moyo wako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Sindano naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pa kujificha, kisha akainama kukaza kamba za viatu.

Hakumaliza mazoezi. Kwenye kona ya mwisho alipunguza kasi, akasimama kwa mguu mmoja, akakaa chini kwenye njia. Hakupiga kelele. Kocha alimfikia akichechemea, simu bado mkononi, na alipouona uso wa yule binti akaitia mfukoni upesi upesi, kama aliyefumaniwa.

Hospitalini daktari aliweka picha kwenye mwanga, akaonyesha ufa kwenye mfupa. Mchujo haukuzungumzwa, hakukuwa na la kuzungumza.

"Lakini namba zake zilikuwa safi," kocha alisema, na papo hapo akatamani ayameze maneno yake.

"Za moyo, ndiyo," daktari alijibu. "Mfupa haumo humo. Na namba ikipaa ghafla baada ya wiki ngumu, nayo ungeiulizia. Alikuambia anaumwa?"

 Kocha aliona aibu, aibu ya kutoka jasho. Kumbe alikuwa amemkimbia kocha wake wa zamani miaka yote hiyo, akaishia kusimama palepale alipokuwa anasimama yule mzee, tofauti ikiwa simu tu.

Sindano ndiye aliyemwonea huruma. "Nisamehe, Kocha. Namba ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu."

"Usiniombe msamaha, mwanangu," alisema kocha. "Mimi ndiye nikuombe. Ulinieleza ukweli, nikakuita mwongo mbele za watu."

Binti aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anayekubali jambo asiloliamini. Daktari alivuta kiti, akaushika mguu, akabonyeza polepole kuelekea kwenye ufa.

"Hapa panauma?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Sindano mashavuni.  Alimgeukia kocha, akamtazama, akasubiri aambiwe kama panauma.