Mstari wa Ishirini na Nne

Mpaka leo nikiulizwa kama programu yangu ilifanya kazi, naanza kujibu, halafu najikuta sijui naelekea wapi.

Nilikuwa naandikia programu kliniki moja ndogo ya Kawangware. Kila Jumatano mama mmoja wa afya ya jamii, mkaaji wa Kisumu Ndogo, aliwazungukia wagonjwa ishirini na wanne wa kisukari huko Kibera. Aliwapima sukari kabla hawajala, akawaachia dawa za wiki. Shida ilikuwa hiyo njaa. Aliyefikiwa mwisho ndiye aliyekaa nayo sana, na mzee mmoja alikuwa ameshazirai akimngoja. Nikaambiwa nitafute mzunguko mfupi zaidi.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ukitaka kupima kila mpangilio wa nyumba ishirini na nne, utazeeka na kompyuta izeeke. Zipo mbinu za hakika zenye akili zaidi, lakini nilipoongeza masharti (huyu afikiwe kabla hajaenda kibarua, kichochoro kile hakipitiki kukiwa na tope) kompyuta yangu ilinguruma kutwa nzima bila jibu.

Nikageukia mbinu ya kubahatisha kwa adabu, iliyoigwa kwa mafundi wanaopoza chuma polepole. Unaanza na mzunguko wowote, unabadilisha kidogo kidogo. Mwanzoni, joto likiwa juu, unakubali hata mabadiliko mabaya mengi, ili usinase kwenye suluhisho la karibu ukakosa lililo bora. Joto likishuka, unakuwa mchaguzi. Niliiendesha mara tatu, ikanipa mizunguko mitatu tofauti, yote ikikaribiana kwa urefu.

Mama alizitazama karatasi tatu.

"Sasa nyathina, mtoto wangu, fupi kabisa ni gani?"

"Hii imeshinda hizo zingine, Mama."

"Si hivyo nimeuliza. Hakuna ingine fupi kuishinda?"

"Sijui."

"Mashine inajua?"

"Pia haijui."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi niliona aibu, na aibu yangu huwa inatoka kama hasira. Nikajifungia wiki nzima na mbinu nyingine, ile ya kuzalisha. Unakuwa na kundi la mizunguko, unachagua iliyo mizuri, unaiozesha. Mtoto anachukua nusu ya kwanza kwa baba na nusu ya pili kwa mama. Wabaya wanaachwa, wazuri wanazaa tena.

Kizazi baada ya kizazi, mzunguko ulizidi kufupika. Mwishowe ukatoka mmoja mfupi kuliko yote niliyowahi kuiona. Nilihesabu mistari, kila nyumba mstari wake: ishirini na minne. Mama naye akahesabu, kidole kikishuka kwenye karatasi. Ishirini na minne. Nikapiga kifua.

Jumatano hiyo alinipigia simu adhuhuri.

"Nimemaliza mapema kabisa. Lakini niko na pakiti ya dawa imebaki."

"Imebaki vipi?"

"Na yule wa Ayany nimempima mara mbili. Ya pili ameniuliza kama niko sawa. Nikamwambia karatasi imesema."

Nilifungua orodha. Nyumba ya Ayany ilikuwa mstari wa tatu, na ikawa tena mstari wa kumi na nne. Nusu ya mzunguko baba ilikuwa nayo, nusu ya mzunguko mama pia ilikuwa nayo. Na kuna nyumba haikuwa katika nusu yoyote. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Soweto West, anayekaa peke yake bondeni karibu na mto. Ni mbali na wenzake wote.

Nilichanganyikiwa, kisha nikaelewa, na kuelewa kukawa kubaya zaidi. Niliiagiza mashine ipunguze mwendo tu. Kumruka mtu wa mbali kunapunguza mwendo. Haikuwa imekosea hata kidogo kwa nilichoiomba. Kuna namna za kuozesha mizunguko bila kupoteza nyumba, ziko vitabuni, na mimi nilizipita nikiwa na haraka ya kumfunga mtu mdomo.

Nilimkuta mama kwenye kona ya kushukia bondeni, tukateremka karibu tukikimbia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, kikombe cha chai pembeni kimefunikwa kwa sahani. Mikono ilimtetemeka na jasho lilimtoka usoni. Mama alimpima haraka, akakuta sukari yake imeshuka mno, akatia sukari kwenye ile chai iliyopoa, akamnywesha.

Baada ya muda bibi alipata nguvu, akatutazama.

"Hamkuchelewa sana," akasema. "Nilijua tu leo mmeniweka wa mwisho."

Mama alinigeukia. Sikujua nimwambieje bibi kwamba sikuwa nimemweka popote.