Mvuke wa Chai ya Mama Mwanne

Katika studio ya picha ya Landry, huko Bwiza, Assia hukaa kwenye kompyuta ya pembeni, na maneno yake ni machache. Huwafuta maharusi chunusi na kuwang'arishia nyuso watoto wa picha za pasipoti. Wateja wengi hawajawahi kusikia sauti yake.

Asubuhi hiyo Mama Mwanne, aliyekuwa anafungua mgahawa wake wa kwanza, alikaa akingoja bango lake. Picha ilikuwa nzuri: kikombe cha chai ya tangawizi mbele ya ukuta wa kijani kizito, dirisha likimulika kwa nyuma upande wa kulia. Lakini upigaji ulichelewa, chai ikapoa, mvuke ukaisha. Landry akabandika mwingine alioutoa kwenye mtandao. Ulikuwa mzito kama wa tanuri, ulianzia nje ya kikombe na kupanda wima.

Assia aliufuta. Alivua buibui lake jeusi, akalitundika ukutani katika chumba cha ndani, akabaki na gauni na mtandio. Mbele ya buibui aliweka bakuli la maji yaliyotoka jikoni yakichemka, akawasha taa nyuma ya bakuli, upande wa kulia, akaanza kupiga picha.

Landry alichungulia na kuuliza kama leo wanauza nguo.

"Mvuke unaonekana mbele ya giza," alisema Assia. "Na mwanga uupige kutoka nyuma."

"We Assia, mutu anataka kuona moshi, apana masomo. Rudisha ule wangu."

"Sirudishi."

Landry akamkumbusha kwamba wanaotaka kiti chake ni wengi.

"Wape," akasema Assia, akaketi kwenye kiti hichohicho.

Aliuweka mvuke wake juu ya picha ya chai, akachagua mpangilio unaopoteza weusi na kubakiza weupe. Akaupinda kidogo, akafuta kwa brashi laini kila kilichotoka nje ya kikombe, hadi ukaanzia juu ya chai yenyewe na kuyeyuka kabla ya kufika kwenye maandishi. Mwisho akaufifisha, akaufifisha tena.

Mama Mwanne aliinamia kioo cha kompyuta. Alitazama sana, kisha akaomba uongezwe kidogo tu, watu wauone kutoka barabarani.

Landry alitabasamu. Assia hakushika hata kipanya.

"Apana, mama. Nikiongeza, watakuja na ndoo za kuzima moto."

Mama Mwanne akacheka hadi akashika kiti. Kisha akafungua chupa yake ya chai, akamimina kifuniko kimoja, akaingia nacho chumba cha ndani na kukiinua mbele ya buibui lililokuwa bado limetundikwa. Mvuke ukapanda mwembamba, ukapinda, ukapotea.

"Chapa huo wa mutoto huyu," akamwambia Landry.

Landry akachapa. Assia akaenda kuchukua buibui lake, na lilikuwa limelowa kidogo. Akalivaa hivyohivyo.