Mtu wa Kabari

Niliondoka Ihanda asubuhi bila kujua ninakokwenda. Kazi ya kupalilia kahawa ilikuwa imekwisha, na yule mzee aliyenipa kibanda cha kulala alikuwa ameanza kuniuliza kwetu ni wapi, swali ambalo sikupenda kuulizwa na mtu yule yule mara mbili. Nikafunga blanketi langu, nikashuka hadi barabara kuu. Gari la kwanza litakalosimama, nilisema moyoni, ndilo nitakalopanda. Likienda Mbeya, nitaiona Mbeya. Likienda mpakani, nitauona mpaka.

Pale barabarani nilimkuta mwanamume mmoja, mtu wa Ihanda hapo hapo, amekunja suruali hadi magotini kwa sababu ya matope. Alikuwa anakwenda Tunduma kumsalimu dada yake aliyeolewa na Mnamwanga.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Sijui bado."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi wewe huwezi kupotea!"

Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Lori lilipokuja lilikuwa la kampuni moja ya usafirishaji, limebeba saruji na mabati, limefunikwa turubai. Mlangoni palikuwa na maneno ya rangi nyeupe yaliyosema abiria hawaruhusiwi. Dereva akatoa kichwa nje. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo kwenye ndevu.

"Taniboi wangu nimemwacha Mbeya anatapika," akasema. "Nataka mtu wa kushika kabari mpaka Tunduma. Nani kati yenu ana miguu myepesi?"

"Huyu hajui hata anakokwenda," yule mwenzangu akajibu upesi. "Nipe mimi, kaka."

Kabari ilikuwa kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, na kamba ya kukibebea. Siku zile kila lori lilikuwa nacho. Gari likielemewa na mlima, taniboi huruka chini na kukisukuma nyuma ya gurudumu, ili gari lisirudi nyuma wakati dereva anatafuta gia. Dereva alimkabidhi yule mwenzangu kabari hiyo kwa mikono miwili.

"Ukisikia injini inalia, usingoje nikuite. Tunduma utakula, na ujira wa kibarua wa leo nitakuombea ofisini."

"Na nyama?"

"Utakula, nimesema. Nyama ni maneno yako."

Mimi aliniambia nipande juu ya mzigo, na nikiona gari la Mzungu nilale chini ya turubai. Nikapanda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulivuka vijito viwili na milima miwili vizuri, na yule bwana alikuwa amesimama nyuma kwenye ubao wa mkia, kabari imening'inia begani, akiwaamkia watu wote tuliowapita kana kwamba lori ni lake. Kwenye mlima wa tatu injini ikaanza kulia. Nilimwona akiruka. Nilimwona akiinama. Kisha gia ikatoka, lori likarudi nyuma kwa ghafla, na miguu yake ikateleza kwenye udongo mwekundu. Mimi nilirushwa kwenye majani. Lori lilipinduka mtaroni, saruji ikamwagika, na maji ya mtaroni yakageuka kijivu.

Sikulia. Dereva hakulia. Tulimvuta kutoka chini, tukamfunika kwa turubai, tukakaa pembeni yake. Dereva alikuwa akifungua na kufunga kifungo kimoja cha shati lake. Baada ya muda alisema, bila kunitazama, "Ukiulizwa, wewe ulikuwa unapita tu." Nikasema sawa. Kama jambo lile liliniuma au halikuniuma, sikujua. Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Askari walikuja kutoka Mbozi, wakapima, wakaandika, wakamruhusu kaka wa marehemu, aliyefuatwa Ihanda, amchukue kwenda kumzika. Mimi na dereva tuliachwa tulinde mzigo, nami nilibaki kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Siku iliyofuata akaja ofisa wa usalama wa kampuni.

Alikuwa Mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili pwani, akikisema vizuri kuliko sisi tuliokua na lugha za milimani. Alikuja na meza ya kukunja, taipureta, na mkoba wa karatasi. Niliposogea kutazama, hakunifukuza. Alinipa ncha ya futi ya kamba nimshikie. Tukapima upana wa barabara, urefu wa alama za magurudumu, umbali kutoka alama ya mwisho hadi mtaroni. Alichora mlima wote kwenye karatasi, na mshale kuonyesha kaskazini. Alijilaza matopeni akakagua waya wa breki ya mkono na mabomba ya mafuta ya breki. Akalinganisha uzito wa mzigo na hati yake, akanakili namba za leseni ya dereva kutoka karatasi ya polisi, na za cheti cha bima.

"Unamwandikia nani yote haya, bwana?" nikauliza.

"Watu wa bima. Wao hawatafika hapa kamwe. Lazima wauone mlima huu wakiwa kwenye kiti."

"Basi andika kwamba ni mlima mbaya."

"Mbaya si kipimo," akasema. "Nitaandika unapanda kiasi gani na udongo ulikuwa na maji. Nani mwenye kosa, hilo siandiki. Hilo wataamua wenyewe."

Mchana walikuja kaka wa marehemu na mjane. Mjane alikaa chini mbali kidogo, amejitanda kaniki, mtoto amelala mapajani. Dereva alisimama kutaka kumwendea, mkononi ana kitambaa alichokuwa amefungia fedha ya rambirambi. Ofisa alimzuia kwa kiganja.

"Usimpe kitu, usimwahidi kitu. Watu wa bima wataona kampuni imekiri kosa."

"Bwana, kwetu mtu hakai karibu na mfiwa mikono mitupu."

"Najua. Kaa."

Dereva akakaa. Kaka wa marehemu aliona yote, akatema mate pembeni.

Ofisa akachukua karatasi ya polisi, akasoma kwa sauti maneno ya kwanza ambayo dereva alimwambia askari. Yalikuwa haya: Nimemuua mtu wangu.

"Mtu wako," ofisa akasema. "Maana yake ndugu yako?"

"Hapana, bwana. Sikuwa namjua."

"Humjui, lakini ni mtu wako?"

"Ndivyo."

Ofisa alivua miwani. Kisha akatueleza wote, polepole, akimtazama zaidi kaka wa marehemu. Kama marehemu alikuwa ndugu au rafiki aliyepewa nafasi, huyo ni abiria juu ya gari la mizigo, na bima ya gari hilo haihusu abiria. Mjane hatapata kitu. Kama alikuwa kibarua wa kampuni na amefia kazini, sheria ya fidia ya wafanyakazi inamhusu, na mjane na mtoto watalipwa. "Neno hili, mtu wangu, likifika kwa watu wa bima hivi lilivyo, watalisoma kuwa ndugu."

Kaka wa marehemu akamgeukia dereva. "Basi mwambie! Alikuwa nani kwako? Jana tumemzika, leo hata jina la kumwita huna?"

"Alikuwa mtu wangu wa kabari," dereva akasema.

"Ulimwandika?" ofisa akauliza.

"Niandike kwenye nini? Nilimpa kabari mkononi. Kwetu sisi wa magari, ukimpa mtu kabari umemwajiri. Taniboi wangu anaumwa Mbeya, uliza."

"Nitauliza. Kanuni inakuruhusu kuchukua kibarua wa siku moja taniboi akiugua. Lakini kila mtu aliyepakia abiria angeweza kusema hivyo baadaye. Wataniuliza, nani alikuona ukimpa? Polisi uliwaambia ndani ya gari mlikuwa wawili."

Mtoto aliamka, akaanza kunung'unika, mjane akampa ziwa bila kumtazama. Nilitazama maneno meupe kwenye mlango wa lori, ambao sasa ulielekea mbinguni. Nilijua ninachokijua. Nilijua pia kwamba nikisema, nitakuwa nimewaambia kuwa dereva alinipakia kinyume cha amri. Nilikuwa nasubiri nihisi jambo fulani litakalonisukuma upande mmoja, nalo halikuja.

Dereva ndiye aliyesema. Alinyoosha mkono akanionyesha.

"Tulikuwa watatu. Huyu alikuwa juu ya mzigo. Muulize."

Ofisa hakushtuka. Alirudisha miwani usoni. "Unajua ulichosema?"

"Najua, bwana. Nimeendesha magari yenu tangu mliponunua yale yaliyobaki ya jeshi baada ya vita. Muulize."

Nikaulizwa, nikajibu. Gari lilisimama wapi. Dereva alisema nini hasa, si maana yake bali maneno yenyewe. Marehemu alijibu nini. Alikuwa amekaa au amesimama. Kabari ilikuwa wapi. Injini ilipolia, aliitwa au aliruka mwenyewe? Nilipofika kwenye lile la nyama, kaka wa marehemu alitoa sauti fupi, kama kicheko kilichokosea njia.

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye kabisa."

"Hilo la nyama niliache?" ofisa akamuuliza.

"Liandike. Mtu anayekwenda matembezini haulizi mwajiri wake nyama."

Likaandikwa. Akatusomea ushahidi wetu tangu mwanzo. Dereva akatia sahihi, mimi nikaweka jina langu kwa herufi za darasa la tatu. Katika taarifa, pale palipotakiwa hali ya marehemu katika gari, aliandika kibarua wa siku hiyo, akiwa kazini. Neno la dereva hakulifuta. Aliliacha kama lilivyosemwa, na chini yake akaeleza kwamba katika kazi ya malori ya njia hii aliyekabidhiwa kabari huitwa hivyo na dereva. Ukurasa wa pili, kwa mapigo yale yale ya taipureta, akaandika kwamba dereva alichukua abiria mmoja bila ruhusa. Nilimwona akiandika. Hakuandika kwa hasira wala kwa huruma.

"Leseni yako iko kwa polisi," akamwambia dereva. "Barua ya kampuni utaipata Mbeya."

"Nitafukuzwa?"

"Ndiyo."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka na kile kitambaa chake, na safari hii ofisa alikuwa ameinama anapanga karatasi za kaboni, au alijifanya hivyo. Dereva alipiga magoti mbele ya mjane, akakiweka chini. Sikusikia alichosema. Mjane alikichukua. Kaka wa marehemu alitazama milima, kisha akamwambia dereva, "Njoo ule kwetu kabla hujaenda."

Ofisa alikuwa anakwenda Tunduma kupeleka simu ya maandishi makao makuu, akaniambia nipande gari lake, maana huko nitakuwa shahidi anayepatikana nikihitajika. Njiani hakuniuliza kwetu ni wapi. Niliuliza mimi: je, watalipa?

"Kwa taarifa kama hii, watashindwa kukataa," akasema. "Lakini watachelewa."

Aliniteremsha jioni karibu na kituo cha forodha. Malori yalikuwa yamepangana kusubiri kuvuka, madereva wa Rhodesia wakipiga kelele kwa Kibemba. Mwanamke mmoja Mnamwanga aliyekuwa akipika ugali nyuma ya duka aliniona nimesimama na blanketi.

"Wewe, mwanangu, unatafuta gari?"

"Hapana, mama. Natafuta pa kulala. Huenda nikaitwa, sitaki kuwa mbali."

"Siku ngapi?"

"Mpaka wanilipe. Si mimi. Mpaka mtu fulani alipwe."

Alinitazama, akaona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Akanionyesha chumba kilichokuwa na magunia ya chumvi ya Ivuna upande mmoja na mkeka upande wa pili. Akaniambia ninawe mikono. Nilipotazama, bado ilikuwa na saruji kwenye kucha. Nikanawa, nikala, na sikumbuki chakula kilikuwa na ladha gani.