Tunik ya Marion

Shamima wa Kendu Bay ni mtu wa kushukuru hata pasipo na sababu. Sindano ikivunjika husema alhamdulillahi, afadhali haikuvunjikia kidoleni. Stima ikipotea hushukuru kwamba cherehani yake ni ya kukanyaga. Alikuja mjini hapa kutoka Mombasa akiwa bi harusi, hajui hata neno moja la Kijaluo, na wanawake wa sokoni ndio waliomfundisha kusalimia. Mpaka leo anawahesabu kama dada zake. Kazi yake ni kushona sare za shule, na nusu ya watoto unaowaona barabarani asubuhi wamevaa kazi ya mkono wake.

Siku moja mtu wa bodaboda alimletea mfuko wenye tunik ya kijani, lile gauni la shule lisilo na mikono, na barua. Tunik aliitambua mara moja, kwa kuwa aliishona mwenyewe. Akavaa miwani, akaisoma barua.

*Kwa fundi wa uniform. Pokea salamu nyingi. Hii ni tunik ya mtoto wangu Marion. Anarudi shule Jumatatu na haimwingii. Nyanya yake amempima na kamba, mimi nikaweka kamba kwa rula, kwa hivyo hizi ni inchi za mwili wake:*
*Mabega 15.*
*Kifua 36. Fungua hapo mbele kabisa.*
*Kiuno 30, ongeza.*
*Hips 39, ongeza.*
*Urefu 41, shusha.*
*Tafadhali usikate kitu, sina ingine. Asante sana. Ni mimi baba yake, Cephas.*

Shamima alishusha barua magotini. Mji mdogo hauna siri, na habari za Marion zilikuwa zimemfikia: msichana alikuwa ameacha shule mwaka jana, akajifungua, na sasa alikuwa akirudi. Cephas naye alijulikana, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Watu walisema hakumfukuza binti yake wala kumpiga, ila tangu mtoto azaliwe hajawahi kumtaja mtoto huyo. Akipita pale mtoto alipolazwa, hupita kama apitaye karibu na kiti.

Na mtu huyo ndiye aliyeandika afungue kifuani. Machozi yalimlenga Shamima. Alidhani amemwelewa vizuri kabisa: mzee amekumbuka kwamba binti yake ananyonyesha, na kwa kuwa aibu haimruhusu kulisema, ameliandika kwa neno moja la adabu. Alimshukuru Mungu kwa kuumba baba wa namna hiyo, akaanza kazi.

Kutanua halikuwa jambo gumu. Shamima hashoni sare ya mtoto bila kuacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, maana watoto hawana adabu, wanakua. Alifumua mbavu zote mbili, kulia na kushoto, akashona upya ukingoni, akahakikisha kifua kimezidi kipimo cha mwili kwa inchi mbili ili mtoto aweze kuinua mkono darasani. Akafumua pindo la chini, akalishusha, akapiga pasi kwa kitambaa chenye siki ili ule mstari wa zamani ufifie. Haukufifia wote, lakini ulikubali kidogo.

Kisha akageukia mbele. Tunik ile ilikuwa na mishono miwili iteremkayo kutoka mabegani, iliyofichwa chini ya marinda. Hakukata kitu, kama alivyoombwa. Alifumua kila mshono pale kifuani, akatia zipu nyembamba ya rangi ileile, akarudisha marinda juu yake. Ukiitazama ungeapa haijaguswa.

Jumamosi Cephas alifika dukani. Marion alibaki barazani, mtoto mgongoni ndani ya leso, akiangalia chini. Shamima alimkaribisha mzee kwa furaha tele, akaifunua tunik na kumwonyesha zipu zile kama mtu anayetoa zawadi.

Uso wa Cephas ulibadilika. Aliuliza nani amemwambia aiharibu nguo ya mtoto, na mwalimu mkuu akiona atasema nini. Alikuwa amekwenda shuleni mara nyingi kumwombea Marion nafasi, kofia mkononi, na sasa Jumatatu angerudishwa langoni kwa ajili ya nguo.

Shamima alimtolea barua. "Baba Marion, si wewe uliyeandika? Kifua, fungua mbele kabisa."

"Nilisema fungua, ile ya kulegeza," Cephas alisema. "Kwetu ni *gonyo*. Kamba unagonyo, nguo ikibana unagonyo. Kufungua, kulegeza, ni neno moja tu."

Hapo Shamima alielewa, na alitamani sakafu immeze. Pwani alikozaliwa, nguo inayobana hupanuliwa, na kinachofunguliwa kina mlango. Mzee alikuwa ameomba nafasi ya kupumua, yeye akamtilia milango miwili. Baya zaidi, alikuwa amelitoa hadharani jambo ambalo nyumba nzima ililinyamazia. Aliomba radhi, akachukua mkasi mdogo wa kufumulia, akasema atazitoa zipu sasa hivi na kuifunga mishono kama ilivyokuwa.

"Mama, wacha kwanza."

Alikuwa Marion. Alikuwa ameingia bila kusikika, akaishika tunik, akapitisha vidole chini ya rinda mpaka akaipata zipu. Akaifungua, akaifunga. Halafu akaanza kulia, na akazungumza bila kumtazama baba yake.

"Baba, mimi Jumatatu sikuwa naenda. Niliogopa kukuambia. Mtoto hataki chupa, analia mpaka anaishiwa na sauti. Nilikuwa nimeamua nitangoja aache kunyonya, hata kama ni mwaka mwingine. Lakini na hii, nyanya anaweza kumleta break na lunch, tuketi tu nyuma ya jikoni ya shule. Hakuna mtu ataona chochote."

Cephas alimgeukia binti yake. Safari zote zile za shuleni, na msichana alikuwa amekwisha kukata tamaa chini ya paa lake mwenyewe, kwa sababu lilikuwepo neno moja ambalo halikusemwa mle ndani.  Shamima alishika mkasi hewani, hajui aurudishe au aendelee, na moyoni alikuwa akiomba dua fupifupi.

"Jaribu basi," mzee alisema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza. "Tuone kama inakutosha."

Marion alifungua leso, akamshusha mtoto, akatafuta pa kumlaza. Shamima akanyoosha mikono, kisha akaikunja tena, kwa kuwa Cephas alikuwa amekwisha kunyoosha yake. Alimpokea mtoto vibaya, kichwa kikining'inia, akajirekebisha. Msichana akaenda nyuma ya pazia.

Mtoto alimkazia macho babu yake, akamshika kola, akaanza kuivuta aitie mdomoni. Cephas alimwacha aivute. Alimgeukia Shamima akamwambia, polepole, kwamba hajui atamshukuru vipi, kwa kuwa alichofanyiwa hakukiomba na wala asingejua kukiomba. Shamima akamjibu kwamba shukrani ni za Mungu, yeye alikosea tu.

Kutoka nyuma ya pazia Marion aliita kwamba inamtosha vizuri, ila anahangaika na vifungo vya blauzi, na kama mtoto anasumbua wamwambie aje amchukue.

"Usijali," Cephas alimjibu. "Jivalishe vizuri. Niko na mjukuu wangu."

 Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya zipu, ikifunguliwa na kufungwa, na Marion akicheka huku bado analia.