Kaskazini ya Derick

Mwalimu Pudensiana hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema, sembuse wiki ile. Chai ilipoa mezani, chaki ilivunjika mkononi, na kila alipokaa aliinuka tena kuchungulia barabara ya Moshono kama mkaguzi anakuja.

Mwaka huo mtaala mpya ulikuwa umeingia. Shule za kulipia nazo zilikuwa zinaota kila kona, mabasi yao yanazoa watoto wa wafanyabiashara, na shule ya serikali ilitakiwa ijionyeshe. Basi Mkaguzi Lemburis, kijana wa kumzaa mwenyewe, alikuja, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," kisha akalichafua andalio lake la somo kwa wino mwekundu. Adabu gani hiyo, jamani!

Mtaala ulisema mwanafunzi wa darasa la nne aweze kutumia ramani kufika mahali katika mazingira yake. Pudensiana, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, aliandika: mwalimu aeleze maana ya ramani, wanafunzi wanakili. Kwenye ushahidi akaweka: wameelewa.

"Mama, hapa wewe ndiye unayefanya kazi," Lemburis alimwambia. "Mtoto anatenda nini? Na mimi nitaona nini nikajua ameweza?" Akaongeza kwamba Ijumaa atarudi, na kama hakuna ushahidi, atapendekeza atolewe darasani, akakae stoo ya vitabu. Maneno hayo yalimchoma. Stoo! Yeye, aliyekuwa hawezi kupita siku bila kelele za darasa la nne!

Akahangaika, akafuta, akaandika upya. Shughuli: kila mtoto achore ramani ya kutoka getini hadi mahali fulani karibu na shule, aonyeshe kaskazini, njia na alama za njiani. Ushahidi: mwenzake aifuate ramani peke yake, afike bila kuuliza. Hapo hata yeye aliona limekaa sawa. Watoto wakachora, wakabadilishana, wakatoka wakarudi mbio, "Nimefika, mwalimu!" Akaweka alama ya vyema mbele ya majina yote sabini na moja. Usingizi ukamrudia.

Ijumaa Lemburis akapitia orodha, kidole kikateremka na kusimama kwenye jina la Derick. "Ramani ya huyu, tafadhali. Inaenda wapi?"

"Kwa mama yangu, fundi cherehani," Derick akasema, kifua mbele.

Mkaguzi akasimama getini, akageuza karatasi hadi mshale wa kaskazini ukauelekea Mlima Meru, ulio kaskazini ya shule, akaifuata njia. Pudensiana alizunguka mwembe wa shule mara kumi na nne. Mimi nasema kumi na nne kwa sababu mwenyewe alizihesabu. Baada ya nusu saa mkaguzi akarudi, viatu vimejaa udongo mweusi.

"Nimefika kanisani, mama. Cherehani sijaiona."

Pudensiana akaishika ramani, akaikagua. Kwa kina Derick kulikuwa kusini ya shule, mlima mgongoni. Mtoto alichora njia anavyoiendea, mbele yake ikawa juu ya karatasi, kisha akaweka mshale wa kaskazini palepale juu.

"Derick, kaskazini iko wapi?"

"Juuu!" akaimba, kama darasa zima lilivyoimbishwa. Na nani? Na Pudensiana mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, fimbo ikigonga ubao.

"Na nani aliijaribu ramani yako?"

"Nice. Tunakaa nyumba moja, mwalimu."

Wee! Alihisi aibu mpaka masikioni. Nice hakufuata ramani hata kidogo; alikwenda nyumbani. Tena wote walikuwa wamebadilishana na majirani zao, rafiki zao, ndugu zao.

Angeweza kusema mkaguzi amepotea mwenyewe, mgeni asiyejua Moshono. Ilimjia mdomoni kabisa. Akaimeza. Akachukua orodha, akaikata ile alama ya Derick, akaandika pembeni: bado. Kisha la pili: bado. La tatu. Hakuacha hadi jina la sabini na moja.

"Mama, sasa umebaki bila ushahidi wowote," Lemburis akasema taratibu.

"Nimebaki na ukweli. Niandikie stoo ukitaka." Akamgeukia Derick. "Jumatatu mtatoka kwanza nje, mtafute mlima, ndipo mchore. Na mimi ndiye nitakayewachagulia wa kuwajaribu."

Mkaguzi alifungua taarifa yake, akaisoma kidogo, akakata mstari mmoja, ule wa stoo. "Jumatatu nitakuja mapema," akasema. "Mimi siijui Moshono. Nipangie ramani za watoto kumi."